Kabla Hujanunua TV ya Gemu, Pima Kuchelewa Kwake

Jioni ya leo tunazungumzia televisheni ya kuchezea gemu. Nazungumza na kijana mwenye PlayStation 4 au PlayStation 5, nazungumza na mzazi anayekusanya fedha amnunulie mwanawe TV, na nazungumza na wewe mwenye kibanda cha gemu, ambaye TV hiyo ndiyo inayokulisha.

Swali letu ni moja tu. Utajuaje kwamba TV hii inafaa kwa gemu na ile haifai?

Ukiingia dukani leo, muuzaji atakuonyesha ukubwa wa kioo. Atakwambia hii ni 4K. Atakuwekea video ya samaki wa rangi wanaoogelea taratibu, na kweli utaipenda picha. Lakini wale samaki hawasubiri amri yako. Gemu linasubiri amri yako, na hapo ndipo TV mbili zinazong'aa sawasawa dukani zinapoachana zikifika nyumbani.

Kwa hiyo leo tutapita mambo manne, nami nayapanga kwa uzito wake. La kwanza, kuchelewa kwa picha. La pili, hali ya gemu. La tatu, hezi za kioo. La nne, wingi wa nukta, yaani hayo mambo ya Full HD na 4K. Ushike mpangilio huo, maana madukani huanza na la nne, na la kwanza mara nyingi halitajwi kabisa.

Haya, tuanze na kuchelewa kwa picha.

Unapobonyeza kitufe kwenye pedi, amri inakwenda kwenye mashine ya gemu. Mashine inapiga hesabu zake, inachora picha mpya, kisha inaituma kwa waya wa HDMI hadi kwenye TV. Je, TV inaionyesha papo hapo? Hapana. TV za kisasa huishika picha kwanza. Zinaikuza ienee kioo, zinaisafisha chenga, zinaichezea rangi na mwanga, ndipo zinaionyesha. Muda kati ya picha kufika kwenye TV na wewe kuiona ndiko kuchelewa tunakokuzungumzia. Hupimwa kwa milisekunde, na milisekunde 1,000 ndiyo sekunde moja.

Unaweza kuniuliza, mbona nikitazama taarifa ya habari sioni tatizo lolote? Huoni kwa sababu picha na sauti vinacheleweshwa pamoja, na wewe huna unachokiamuru. Msomaji habari akichelewa sehemu ya kumi ya sekunde, utajuaje? Lakini kwenye gemu wewe ndiye unayetoa amri, unasubiri jibu, halafu unatoa amri nyingine kutokana na ulichokiona.

Chukua mfano wa mpira. Mshambuliaji kapiga shuti, na mpira unakwenda mita 25 kwa sekunde. TV yako inachelewa milisekunde 100. Ule mpira unaouona ukikaribia kipa wako, ndani ya mashine umeshasogea mita 2.5 mbele zaidi. Wewe unamrusha kipa kwa kuangalia mpira ulipokuwa. Unafungwa, unasema kipa mzito. Kipa hana kosa. Umeonyeshwa picha ya zamani.

Sasa kiasi gani kinakubalika? TV nyingi zikiwa katika hali ya kawaida ya kutazamia filamu huchelewa zaidi ya milisekunde 50, na zipo zinazovuka 100. TV hizo hizo zikiwekwa vizuri kwa ajili ya gemu, nyingi hushuka hadi kati ya 10 na 20. Ukiwa chini ya 20, cheza kwa raha. Kati ya 20 na 40, wengi hawatalalamika. Ukipita 50, mchezaji wa mpira, wa ngumi au wa kulenga shabaha ataanza kuhisi mikono yake haitiiwi.

Wale mliocheza kwenye TV za chogo mtakumbuka jinsi wachezaji walivyokuwa wepesi. Mlikuwa hamjidanganyi. TV ya chogo ilichora picha moja kwa moja kadiri mawimbi yalivyoingia, bila kuishika na kuisafisha. Kuchelewa kwake kulikuwa karibu na sifuri. Wengi walipohamia kwenye kioo bapa walidhani wameshuka kiwango, kumbe kilichobadilika ni TV.

Kuna jambo moja hapa linalochanganya watu, nalo nataka tulitenganishe vizuri. Ukicheza na mtu aliye mbali kupitia mtandao, kuna kuchelewa kwa mtandao pia. Vijana wengi hulaumu bando kumbe mkosaji ni TV, na wengine hubadilisha TV kumbe mkosaji ni mtandao. Utajuaje? Zima mtandao, cheza na kompyuta, wewe peke yako. Kama uzito umeondoka, tatizo lilikuwa mtandao. Kama wachezaji bado wanageuka kwa kuchelewa, usinunue bando jingine. Iangalie TV. Narudia: cheza bila mtandao kwanza, ndipo utoe hukumu.

Tuko pamoja? Sasa tuingie kwenye jambo la pili, hali ya gemu.

Tumesema TV huishika picha ili kuirembesha. Kati ya kazi hizo zote, inayokula muda mwingi ni ile ya kulainisha mwendo. Umewahi kutazama filamu kwenye TV mpya ukaona waigizaji wanateleza kama tamthilia iliyopigwa studio? Hiyo ndiyo kazi yenyewe. TV hubuni picha ya katikati na kuipachika kati ya picha mbili za kweli. Lakini fikiri: itabunije picha ya katikati kabla haijaiona inayofuata? Haiwezi. Lazima isubiri. Gemu linalotoa picha 60 kwa sekunde, kila picha hukaa karibu milisekunde 17. TV ikishika picha tatu tu ili ifanye ufundi wake, milisekunde 50 zimeshapotea.

Hali ya gemu inazima sehemu kubwa ya urembo huo. Kwenye menyu ya picha utaikuta imeandikwa Game au Game Mode. Kwenye LG za miaka ya karibuni inaitwa Game Optimizer. Kwenye Samsung nyingi haipo kwenye menyu ya picha. Utaikuta ndani ya External Device Manager, na wengi wameikosa kwa sababu hiyo tu. PlayStation 5 na Xbox Series zinaweza pia kuiamuru TV ijiweke yenyewe katika hali hiyo, mradi TV iwe na kitu kinachoitwa Auto Low Latency Mode, au kwa kifupi ALLM. Ukikiona kwenye boksi, hicho ni kitu cha kulipia.

Nikupe tahadhari tatu kuhusu hali ya gemu. Ya kwanza: kwenye TV nyingi, mpangilio huu hukaa kwenye tundu moja la HDMI. Ukiuwasha kwenye HDMI 1, kisha siku ya usafi mtu akachomoa waya akaurudisha kwenye HDMI 2, umerudi ulikotoka bila kujua. Ya pili: ukiiwasha, picha inaweza kuonekana imepoa kidogo, rangi zimepungua. Usiizime kwa sababu hiyo. Ongeza mwanga na rangi kidogo kwenye menyu, cheza hivyo hivyo. Ya tatu, na hii ndiyo yenye madhara: baadhi ya TV za bei ya chini zina neno Game kwenye menyu, lakini likichaguliwa hubadilisha rangi tu. Kuchelewa kunabaki pale pale.

Sasa utaigunduaje TV ya namna hiyo? Hili ndilo swali la mazungumzo yetu ya leo, na jibu lake halihitaji kifaa cha maabara. Kalamu na karatasi, tafadhali.

Tafuta kompyuta mpakato yenye tundu la HDMI, hata ya kuazima. Iunganishe na TV kwa waya, na uiamuru ionyeshe kitu kile kile kwenye vioo vyote viwili, chake na cha TV. Kwenye Windows unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, kisha unachagua Duplicate. Fungua saa ya kuhesabu inayoonyesha hadi sehemu za elfu za sekunde. Iweke kompyuta mbele ya TV, vioo vyote viwili viwe ndani ya picha moja ya simu, saa iwe katikati ya kila kioo. Acha saa ikimbie. Piga picha.

Sasa soma. Tuseme kwenye kompyuta saa inasema sekunde 12 na milisekunde 480. Kwenye TV, ndani ya picha hiyo hiyo, inasema sekunde 12 na milisekunde 395. Toa. TV iko nyuma ya kompyuta kwa milisekunde 85. Washa hali ya gemu, piga tena. Tuseme sasa kompyuta inasema 31 na 210, TV inasema 31 na 193. Tofauti imeshuka hadi 17. Hiyo ni hali ya gemu ya kweli. Lakini kama uliwasha ukapata 80 tena, basi lile neno Game kwenye menyu ni pambo.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Saa kwenye kioo haibadiliki kila milisekunde. Hubadilika kila kioo kinapochora picha upya, yaani karibu kila milisekunde 17. Kwa hiyo picha moja inaweza kukudanganya. Piga kumi, upate wastani. Na kioo cha kompyuta nacho kina kuchelewa kwake kidogo, kwa hiyo unacholinganisha ni TV na kompyuta ile. Kukutenganishia 85 na 17, kinatosha kabisa. Kukutenganishia 12 na 15, hakiwezi, wala mkono wako hauhitaji. Na usijaribu kwa kurusha picha bila waya, kwa sababu huko unapima kitu kingine kabisa.

Mwenye duka akikukatalia? Mwombe angalau awashe menyu uone kama hali ya gemu ipo. Akikataa na hilo, duka la pili haliko mbali.

Haya, tumemaliza yale mawili mazito. Twende kwenye la tatu, hezi za kioo.

Hezi ni idadi ya mara ambazo kioo hubadilisha picha ndani ya sekunde moja. Kioo cha hezi 60 hubadilisha mara 60, cha hezi 120 mara 120. Kioo cha hezi 120 kikipewa gemu linalotoa picha 120, mwendo unakuwa laini zaidi na kuchelewa kunapungua pia, kwa sababu kila picha husubiri milisekunde 8 hivi badala ya 17. Faida hiyo ni ya kweli. Lakini jiulize, mashine yako inatoa ngapi?

PlayStation 4 inaishia 60. Haijalishi umeiunganisha na TV ya bei gani, haitatoa 120. PlayStation 5 na Xbox Series zinaweza kutoa 120, ila ni kwa magemu yaliyotengenezwa hivyo, na si yote. Gemu la mpira la EA, ambalo ndilo linalojaza vibanda vyetu, hata kwenye PlayStation 5 linachezwa kwa picha 60. Kwa hiyo kama kazi yako ni mpira tu, kioo cha hezi 60 chenye hali nzuri ya gemu kinakutosha. Kama una PlayStation 5 na unapenda magemu mengine, hapo 120 ina maana. Lipo hata gemu kama Ratchet & Clank: Rift Apart, ambalo lina hali ya picha 40 kwa sekunde, na hali hiyo inahitaji kioo cha hezi 120. Kwa nini? Kwa sababu 40 inaingia mara tatu kamili kwenye 120, na kwenye 60 haigawanyiki sawa.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Boksi likiandikwa Motion Rate 120 au TruMotion 120, usidhani umeona hezi 120. Maneno ya namna hiyo yanahusu ule ufundi wa kulainisha mwendo tuliousema, na mara nyingi kioo chenyewe ni cha hezi 60. Namba iliyofungamanishwa na neno Motion si namba ya kioo. Tafuta kwenye karatasi ya vipimo palipoandikwa Refresh Rate, au tundu la HDMI lililoandikwa 4K 120Hz. Na ukishaunganisha mashine, iulize yenyewe. Kwenye Xbox, ingia Settings, kisha General, kisha TV & display options, kisha 4K TV details; itakuorodheshea TV inaweza nini na haiwezi nini. Kwenye PlayStation 5, ingia Settings, Screen and Video, Video Output, halafu Video Output Information. Utaona ukubwa wa picha na hezi zinazotoka. Mashine haina kamisheni ya mauzo.

Jambo la nne na la mwisho, wingi wa nukta.

Full HD ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu. 4K ina mara nne ya hizo. Je, jicho lako litaziona? Inategemea ukubwa wa kioo na mahali unapokaa. Jicho zima, lenye afya, kwenye TV ya inchi 43 ya Full HD, linaacha kutofautisha nukta moja na nyingine ukikaa umbali wa mita 1.7 hivi. Kwenye inchi 32 ni mita 1.3. Kwenye inchi 55 ni mita 2.2. Ukikaa mbali zaidi ya hapo, nukta za ziada za 4K jicho halizipati. Ukikaa karibu zaidi, unazipata, mradi mashine inazitoa. Na PlayStation 4 ya kawaida inaishia Full HD. Ni ile ya Pro inayotoa 4K.

Lakini upo mtego chini ya Full HD, na huo ni wa kuogopwa. TV nyingi ndogo za inchi 32 zimeandikwa HD Ready. Muuzaji atakwambia inapokea 1080, na hasemi uongo: inapokea. Ila kioo chenyewe kina nukta 1,366 kwa 768, yaani karibu nusu ya zile ilizopokea. TV inalazimika kuikandamiza picha iingie, na hesabu haigawanyiki sawa. Dalili zake utaziona kwenye maandishi madogo. Majina ya wachezaji chini ya kioo yanakuwa na ukungu, na vile vinukta vya ramani ya uwanja vinavimba. Soma karatasi ya vipimo. Ukiona 1366, ujue unanunua nini.

Sasa tuyaunganishe yote manne kwa kisa kimoja. Tuseme wewe una kibanda chenye PlayStation 4 za kawaida, wateja wako wanakaa kwenye benchi mita mbili kutoka kwenye kioo, na wanacheza mpira asubuhi hadi usiku. Dukani kuna TV mbili za inchi 43. Ya kwanza ni 4K, ina Motion Rate 120, na ni ghali zaidi. Umepima, hali yake ya gemu inabaki milisekunde 80. Ya pili ni Full HD, hezi 60, boksi lake halina maneno makubwa. Umepima, inashuka hadi 17. Uchukue ipi?

Tupite moja moja. Kuchelewa: ya pili inashinda kwa mbali. Hali ya gemu: ya pili inayo ya kweli. Hezi: mashine yako inatoa 60, kwa hiyo ziko sawa. Nukta: mashine yako inatoa Full HD, na mita mbili ni zaidi ya 1.7, kwa hiyo 4K haikuongezei kitu. Chukua ya pili, na chenji uinunulie pedi.

Je, ungekuwa na PlayStation 5, kioo cha inchi 55, na unakaa karibu nacho? Hapo ningekwambia utafute 4K, utafute na hezi 120 kama mfuko unaruhusu. Lakini hata hapo, ungeanza na kipimo kile kile cha saa mbili kwenye picha moja.

Mpenzi msikilizaji, muda umetutupa mkono. Nayarudia kwa kifupi. Pima kuchelewa kwanza, kuwe chini ya milisekunde 20. Hakikisha hali ya gemu ni ya kweli na imewashwa kwenye tundu unalolitumia. Nunua hezi ambazo mashine yako inaweza kuzitoa. Nukta ziwe za mwisho, ila usishuke chini ya Full HD. Na wewe ambaye TV tayari unayo, kabla hujaiuza kwa hasara ukanunue nyingine, shika rimoti leo usiku, itafute hali ya gemu, iwashe, ucheze mechi moja bila mtandao. Pengine TV unayoitaka ndiyo hiyo hiyo uliyonayo.